Uzi: Tunataka misemo ya kuandika ukutani mwa stoo, ila isiwe ya "usilale". Wadau wa ziwani karibuni

Kijana wa Igombe
Wakuu salaam. Sisi ni vijana sita, tunakausha dagaa hapa Igombe na mzigo tunaupeleka Mwaloni Kirumba. Wiki iliyopita tumepaka chokaa stoo yetu, tukaacha nafasi ya mistari mitatu ukutani ili kila anayeingia asome. Mwenzetu mmoja kaleta orodha aliyoitoa kwenye simu: usingizi ni wa maskini, wenzako wakilala wewe amka, kuanguka ni hatua ya kwanza ya utajiri. Nimekataa isiandikwe, na sababu ni hii.

Masika iliyopita nilikuwa na 600,000 zangu, nikakopa 700,000 za kausha damu. Siku ya kwanza nikanunua ndoo 30 za dagaa wabichi kwa 22,000 kila moja. Nikawaanika mchangani, saa nne asubuhi mvua ikashuka. Nikawakusanya, nikafunika, nikaanua, nikaanika tena, usiku mzima. Kesho yake alfajiri bei ya wabichi ikawa 12,000 kwa ndoo. Nikaona Mungu kanifungulia, nikachukua 40 nyingine. Mvua haikukatika hadi Alhamisi. Siku tatu sikulala kitandani. Ukijumlisha turubai, vibarua na gari, ile 1,300,000 yote iliingia humo, na mzigo mzima nikauuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa 310,000.

Katika siku hizo tatu hakuna mtu angeweza kuniambia niongeze bidii. Bidii ilikuwepo. Sasa nauliza: tuna misemo gani ya Kiswahili inayomfaa kijana mwenye mtaji mdogo, inayoongelea kujaribu na kuanguka, bila kumwambia aue mwili wake?

Mangu Boda
Wa kwanza kufika. Pole mkuu. Mimi kwenye madigadi ya pikipiki nimeandika "Riziki mafungu saba". Abiria wanaipenda sana. Fundi wa maandishi mazuri yupo Buzuruga, bei zake si kali.

Kijana wa Igombe
Asante Mangu, ila sitafuti fundi. Natafuta maneno.

Fundi Salala
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Andika huo, funga uzi. Koleo ukilivunja unanunua lingine, unaendelea kuchota mchanga.

Mwalimu wa Nansio
Fundi umepatia msemo, ila koleo umelikosea. Hilo la kuchotea mchanga ndilo tunaloliita koleo leo kwenye ujenzi, wala si kosa kuliita hivyo. Koleo la kwenye methali ni lile la mhunzi, la kushikia chuma cha moto. Mhunzi ana tanuru, mivukuto, nyundo, fuawe na koleo. Methali imechagua koleo kwa makusudi. Ni kifaa ambacho mhunzi mwenyewe anaweza kukifua upya, mradi tanuru lipo.

Kwa hiyo, Kijana, kabla hujaiandika jiulize: hiyo 1,300,000 ilikuwa koleo lako au lilikuwa tanuru? Mtu aliyeweka tanuru zima rehani, methali hii haimhusu. Tunaitumia kumfariji kila aliyeanguka, lakini yenyewe inamzungumzia aliyepoteza kifaa kimoja.

Kijana wa Igombe
Mwalimu, umenigusa. Lilikuwa tanuru.

Mzee wa Kisesa
Nyongeza ndogo kwa mwalimu. Huku kusini mwa ziwa wahunzi wakubwa walikuwa Warongo, upande wa Geita. Majembe yao ndiyo yalilima Usukumani kabla ya majembe ya dukani.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mimi nitakuwa tofauti na mtanisamehe. Naona vijana mnatafuta methali za kujifariji. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa zao kila siku, ndiyo sababu mnapata mzigo wa kuanika. Mimi nimeanza kuuza barafu Mwaloni saa tisa usiku, miaka minne, leo nina vibanda viwili. Mchumia juani hulia kivulini. Ukiogopa jua hutakula.

Mangu Boda
Jiwe, hiyo si maana yake ni kwamba anayehangaika juani mwisho anakwenda kulia machozi kivulini? Mimi siku zote niliielewa hivyo, nikaona ni methali ya huzuni.

Mwalimu wa Nansio
Hapana Mangu, ila nimeshawasikia wengi wakielewa hivyo, hauko peke yako. "Hulia" hapa inatoka kwenye kula. Kula, kulia: kulia chakula mahali fulani, kama tunavyosema chumba cha kulia. Achumaye juani, chakula chake anakilia kivulini.

Na Jiwe, ndugu yangu, angalia ulichofanya. Umeitaja methali yote halafu ukaeleza nusu ya kwanza tu. Kivuli kimo ndani ya msemo. Wazee hawakusema mchumia juani huchuma tena usiku. Msemo una sehemu mbili, kazi na mahali pa kulia, na asiyefika kivulini hajaukamilisha. Huu ningeuandika ukutani, lakini kwa sharti kwamba upande wa kivuli uandikwe kwa rangi ileile na ukubwa uleule.

Mama Vichanja
Hamjambo wanangu. Nimesoma tangu juu. Dagaa nimekausha miaka kumi na sita, nianze na hapo kwenye hasara ya Kijana kwa sababu naona mmemkimbilia kumpa methali kabla ya kuangalia mzigo umeharibikia wapi.

Mwanangu, wewe una hasara mbili na umezihesabu kama moja. Ndoo 30 za kwanza ni hasara ya mvua. Ndoo 40 za pili ni hasara ya kutolala.

Nieleze. Ile bei iliposhuka hadi 12,000, hukujiuliza kwa nini? Mvua ikinyesha wakaushaji wote wanaacha kununua, maana hawana pa kuanika. Mvuvi amekwisha kuvua, mzigo uko kwenye boti, dagaa hangoji. Anauza kwa bei yoyote. Ile bei ndogo ilikuwa inakuambia jambo lilelile ambalo mawingu yalikuwa yanakuambia. Mtu aliyelala usiku angeliona. Wewe ulikuwa umekesha na turubai, macho mekundu, ukaona ni nafuu.

Kijana wa Igombe
Shikamoo mama. Nimeisoma mara tatu. Kweli asubuhi ile waliokuwa wananunua tulikuwa wawili tu. Nikafikiri wengine wamezembea.

Mama Vichanja
Marahaba. Na kosa jingine ni mchanga. Dagaa wa mchangani analoa juu na chini. Hata mvua ikikatika, unyevu unapanda kutoka ardhini, matumbo yanapasuka, anapoteza ile rangi ya fedha, anakuwa wa njano kisha kahawia. Ukishaona njano na harufu imebadilika, jua la kesho halimrudishi, huyo tayari ni wa kuku. Kwenye kichanja maji yanapita chini, upepo unapita chini, na turubai unaliweka juu bila kumponda.

Mimi nina vichanja sita. Kila kimoja ni mita 10 kwa mita moja na nusu, na sikiwekei zaidi ya ndoo 3, wakae wametandazwa, wasilaliane. Kwa hiyo uwezo wangu kwa siku ni ndoo 18. Hata nikiwa na pesa ya ndoo 50 mkononi, nanunua 18. Masika nanunua 9, ili mvua ikija niwe na nafasi ya kuwatandaza nyembamba zaidi, na wakishindikana kabisa niwe na mafuta na kuni za kuwakaanga hizo 9. Ndoo 70 huwezi kuzikaanga, mafuta yatakumaliza.

Nyumbani kwetu tuna neno, hatujalitoa kitabuni: nunua kwa kichanja, usinunue kwa mfuko. Mkitaka andikeni hilo.

Dada Mabatini
Mama, hilo nalichukua hata mimi ninayeuza nguo. Nunua kwa kichanja. Mimi kichanja changu ni meza moja na siku mbili za mnada kwa wiki, lakini nikiona belo bei rahisi nakimbilia kama Kijana.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mama shikamoo. Hesabu yako siipingi. Lakini hebu tuseme ukweli, kwa ndoo 9 kijana atatoka lini? Mwenye mtaji mdogo akicheza kidogo anabaki kidogo. Kuna methali nyingine hamjaitaja: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukishaingia, umeingia.

Kizimba cha Nne
Jiwe, hiyo methali iliniuma mimi. Niliwahi kuwa na vizimba vya sato upande wa Sengerema. Mwezi wa tano tangu kupandikiza vifaranga, samaki wamefika saizi ya kiganja, asubuhi moja nakuta wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Nikadhani wana njaa. Nikawamwagia chakula. Hawakula. Nikaongeza. Nilikuwa nimekwisha kuyavulia maji nguo, nikasema lazima nipambane. Kufika saa nne wameanza kuelea tumbo juu.

Afisa uvuvi alipokuja akanieleza. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, ukayageuza maji, yale ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Na chini ya vizimba kulikuwa na mabaki ya chakula yameoza, nayo yanakula hewa. Samaki wakihema juu unatakiwa uache kulisha mara moja, maana samaki anayesaga chakula anahitaji hewa zaidi, na chakula kisicholiwa kinakwenda kuoza kulekule. Mimi nilikuwa nawasaidia kufa. Juhudi yangu yote ya asubuhi ile ilikuwa upande wa kifo.

Tangu siku hiyo mimi na mke wangu jambo likianza kwenda mrama tunaambiana: wakihema, acha kulisha. Hata kwenye duka letu la sasa. Mauzo yakikata pumzi ghafla, kwanza tunaacha kuongeza mzigo, tunatafuta hewa imekwenda wapi.

Fundi Salala
Pole sana Kizimba. Ila nilisikia vifo vya samaki kule vinatokana na sumu ya mashambani inayoletwa na mvua.

Kizimba cha Nne
Inaweza kutokea mahali pengine, sikatai. Kwangu haikuwa hivyo. Dagaa na furu waliokuwa nje ya kizimba hawakufa, maana wao waliogelea wakahama. Wa kwangu walikuwa wamefungwa.

Mama Vichanja
Kizimba, pole mwanangu. Ila niulize, uliviweka kwenye kina gani? Maana nimeona vijana wanaweka karibu na ufuko ili walinzi wasipate taabu ya mtumbwi, na hapo maji ni machache, uchafu hauendi popote.

Kizimba cha Nne
Mama umelenga. Vilikuwa karibu. Ila jirani yangu alikuwa mbali zaidi na yeye alipoteza nusu. Mpaka leo sijui ingekuwaje.

Dada Mabatini
Naomba nirudi kwenye hiyo ya kuyavulia maji nguo, maana naona Jiwe kaipa nguvu. Sisi wa Mwanza tunajua kuoga ziwani. Unavua nguo, unaona mamba, unavaa nguo. Hakuna aliyewahi kusema kwa sababu nimekwisha kuvua viatu basi ngoja niliwe.

Mangu Boda
Dada Mabatini umenichekesha hadi abiria kageuka. Na kichocho je? Kichocho hukioni kama mamba.

Mwalimu wa Nansio
Mangu kasema jambo kubwa hapo bila kukusudia. Kuna hasara ya mamba, inaonekana, na kuna hasara ya kichocho, unaingia majini leo ukiwa mzima na unaanza kuumwa baadaye. Kausha damu ni ya aina ya pili.

Ila mimi naitetea methali yenyewe. "Huna budi kuyaoga" naisoma kama onyo linalosemwa kabla: fikiri kabla hujavua, kwa sababu ukishavua kuacha ni vigumu. Tunaikosea tunapomwambia mtu ambaye tayari yuko majini.

Jiwe Juu ya Jiwe
Hapo mwalimu sikubali. Bibi yangu aliitumia kwa mtu aliye majini. Alimwambia baba yangu alipotaka kuacha shule darasa la sita, na baba akamaliza.

Mwalimu wa Nansio
Kwa shule, bibi alikuwa sahihi. Darasa la saba lina mwisho unaojulikana. Biashara inayopoteza haina siku ya mtihani. Lakini tubaki hapo, sitaki kubishana na bibi wa mtu.

Mama Vichanja
Jiwe mwanangu, nina swali na usilichukue vibaya. Ile miaka minne ya barafu saa tisa usiku, ulikuwa unaishi wapi?

Jiwe Juu ya Jiwe
Kwa shangazi, Nyakato.

Mama Vichanja
Kodi ulilipa?

Jiwe Juu ya Jiwe
Hapana mama. Na chakula cha jioni nilikikuta. Nimeelewa unakonipeleka. Barafu ikiyeyuka bila kuuzwa, nilipoteza barafu ya siku moja, kwangu hapakufa kitu. Sikuwahi kulifikiria hivyo, siku zote nimekuwa nikiwaambia vijana ni kuamka mapema tu. Kuamka kulikuwepo, na shangazi alikuwepo. Bado nasema bila kuamka shangazi peke yake asingenipa vibanda viwili.

Mama Vichanja
Umesema kweli zote mbili, mwanangu, na nakuheshimu kwa kulisema mbele za watu.

Dada Mabatini
Hapo kwenye shangazi ndipo ninapotaka kuleta methali yangu: mchuma janga hula na wakwao. Mimi nilimdhamini rafiki kwenye kikundi cha mkopo wa mtaani. Biashara yake ya viatu ilikufa, akahama mji. Wakaja kwangu, wakachukua televisheni, jiko la gesi na kabati la mama yangu, ambaye hakuwahi hata kumwona huyo rafiki. Mama ndiye "wakwao" wa kwenye methali. Watu wanasema ubaya wa kufeli ni aibu. Aibu inapita. Kabati la mama halijarudi.

Kijana, andikeni hiyo. Kabla mtu hajachukua hatari aseme kwa majina nani watakula naye janga, na kama hao watu wameulizwa.

Kizimba cha Nne
Dada pole. Ila hiyo ukutani mimi nisingeiweka. Kwetu hiyo inasemwa kwa mtu aliyekwisha haribu, kumlaumu. Kijana anayeingia stoo baada ya hasara akaisoma, ataondoka. Mimi nilipopoteza samaki, shemeji yangu aliniambia hiyohiyo mbele ya watoto.

Dada Mabatini
Sawa, nakuelewa. Basi kukopa harusi kulipa matanga. Hiyo haimtukani mtu.

Fundi Salala
Hiyo ya harusi na matanga mbona ni ya kuzuia mikopo kabisa? Bila mkopo vijana watafanya nini?

Kijana wa Igombe
Mikopo si yote ni sawa Fundi. Sisi sasa tumejiandikisha kuomba ule wa halmashauri, wa asilimia 10, ambao vijana tuna fungu letu la asilimia 4. Hauna riba. Kausha damu yangu nilikuwa narejesha kila Jumatatu, mvua inyeshe isinyeshe. Nadhani ndiyo iliyonisukuma kuchukua zile ndoo 40, niliwaza Jumatatu. Ingekuwa pesa isiyonidai wiki ileile labda ningekaa nikasubiri jua.

Mama Vichanja
Hilo "niliwaza Jumatatu" ndilo la maana kuliko methali zote za humu. Dagaa anafuata jua, deni lako lilikuwa linafuata Jumatatu. Haviendi pamoja.

Mangu Boda
Mimi naomba kuuliza kitu kingine. Jiwe kasema wavuvi wanakesha kila siku. Mbona nikipita Igombe siku za mwezi mkubwa naona boti za dagaa zimepumzika mchangani?

Mama Vichanja
Hawakeshi kila siku. Dagaa anavuliwa gizani. Taa inamvuta akusanyike, wavu unamzunguka. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, dagaa haoni sababu ya kuifuata taa yako, anatawanyika. Kwa hiyo mbalamwezi boti zinapumzika, wiki au zaidi kidogo. Wanaziba nyavu, wanakarabati boti, wanakwenda makwao. Hakuna mvuvi anayeitwa mvivu kwa kukaa siku hizo. Anayetoka anachoma mafuta bure.

Ndiyo maana nawashangaa wanaotumia wavuvi kama mfano wa kutolala. Kazi yenyewe ina kulala ndani yake.

Dada Mabatini
Mama naomba nikupinge kidogo. Hiyo mbalamwezi ni ya mvuvi. Mchuuzi wa dagaa ndipo anapokimbizana, kwa sababu mzigo unapungua na bei inapanda. Dada yangu anauza Mwaloni, mapumziko yake yako wapi? Tusiwape vijana picha kwamba ziwa linampumzisha kila mtu.

Mama Vichanja
Ni kweli, aliyeweka mzigo mkavu stoo ndiye anayeuza mbalamwezi. Na vibarua wa kuanika siku hizo hawana kazi wala posho, kwao si mapumziko, ni njaa. Hilo sina jibu lake. Mimi wa kwangu nawapa kazi ya kukarabati vichanja, lakini haitoshi wiki nzima.

Mzee wa Kisesa
Kwa wakulima pia ilikuwa hivyo. Usukumani tunasema igembe nsabo, jembe ni mali, na vijana wa leo wameichukua kama ya kujituma tu. Lakini haohao waliosema jembe ni mali, mavuno yakiisha walicheza ngoma. Bulabo pale Bujora ni mwezi wa sita, na si bahati mbaya. Mahindi na mtama vimeshaingia ghalani, makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu yanashindana, na jembe limelala. Asiyecheza hakusifiwa kwa kulima zaidi.

Fundi Salala
Mzee mwaka huu Wagalu walipigwa vibaya.

Mzee wa Kisesa
Fundi usianze. Tukianza hapo uzi wa kijana utaharibika.

Mwalimu wa Nansio
Nimekumbuka mwingine unaofaa stoo: biashara asubuhi, jioni mahesabu. Ona jinsi ulivyofunga siku. Baada ya mahesabu hakuna neno jingine. Mtu anayefanya biashara asubuhi, jioni na usiku, mahesabu anayafanya saa ngapi? Kijana, siku ya kwanza ya mvua ile, jioni uliandika chochote?

Kijana wa Igombe
Hapana mwalimu. Nilijua nimetumia kiasi gani baada ya wiki mbili, nilipokaa na dada yangu na karatasi.

Kizimba cha Nne
Basi na ule wa mali bila daftari hupotea bila habari.

Fundi Salala
Huisha bila habari. Si hupotea.

Kizimba cha Nne
Kwetu ni hupotea.

Mangu Boda
Vyovyote vile, mali haipo.

Jiwe Juu ya Jiwe
Nimekaa na uzi huu tangu mchana nikiwa kibandani. Nakubali kivuli cha mwalimu na kichanja cha mama. Lakini bado naogopa kitu kimoja. Ukuta ukijaa misemo ya tahadhari tupu, kijana wa miaka 19 atasimama mlangoni asiingie. Ngoja ngoja huumiza matumbo nayo ni ya wazee wetu. Nani atamwambia aanze?

Mama Vichanja
Aanze na ndoo 3, kichanja kimoja. Zikiharibika anazikaanga, anakula na jirani, kesho anaanza tena. Mimi nilianza na 2.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mama, wewe ulianza miaka kumi na sita iliyopita. Leo gari kutoka Igombe hadi Kirumba halibebi ndoo 3 kwa faida.

Mama Vichanja
Kwa hiyo wako sita. Kila mmoja 3, gari moja.

Kijana wa Igombe
Wakuu nashukuru. Jioni hii tumekaa sote sita, tumesoma uzi mzima kwa sauti. Mistari miwili imepita: "Nunua kwa kichanja, usinunue kwa mfuko", na "Mchumia juani hulia kivulini", rangi moja, ukubwa mmoja, kama mwalimu alivyosema. Wa tatu tumegawanyika. Watatu wanataka ya koleo, wawili wanataka "Wakihema, acha kulisha", na yule mwenzetu wa orodha ya simu bado anataka ya kuyavulia maji nguo, anasema Jiwe ameeleweka. Tumeiacha nafasi hiyo nyeupe kwa sasa.

Swali la mwisho kwa mama. Vichanja tuvifunge kwa waya wa kuku au nyavu? Na urefu kutoka chini uwe kiasi gani?

Mama Vichanja
Nyavu chakavu za dagaa, mwanangu, tundu ni dogo, dagaa hapiti, na pale Mwaloni unazipata kwa bei ya chini. Waya wa kuku tundu kubwa, utalazimika kuweka nyavu juu yake hata hivyo. Urefu ufike kiunoni, ili uweze kugeuza bila kuinama na mbuzi asifikie. Nguzo ziwe kavu, mbichi zinapinda zikikauka. Mkianza kuchimba mashimo niambieni, Ijumaa nina safari ya Igombe, nitapita niwaonyeshe kona zinavyofungwa.

Mangu Boda
Mama ukitoka Kirumba nikubebe? Nafasi ipo.

Mama Vichanja
Saa mbili asubuhi, mwanangu. Na uendeshe polepole, nitakuwa na mzigo wa nyavu mgongoni.